Mgeni Aongee Kabla Ubwabwa Haujapoa

Sinza haina upungufu wa vikao. Jumamosi mchana, kuanzia Bamaga hadi Afrika Sana na kwenye mitaa ya nyuma, utakuta turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, spika zinapiga kelele za kujaribiwa, na masufuria ya ubwabwa yamefunikwa pembeni yakisubiri. Ni vikoba, ni mahafali, ni mkutano wa mtaa, ni semina ya wajasiriamali. Katika kila kikao kuna mgeni aliyeitwa aje kuongea, na kuna mwenyeji mmoja aliyeambiwa na kamati: wewe utamtambulisha.

Huyo wa mwisho ndiye ninayemwandikia. Ndugu yangu, umepewa dakika moja, tena hiyo dakika moja ni nyingi. Wenzako wengi wakishika maiki huamini wamepewa hotuba. Watasalimia, watashukuru, watasoma wasifu wa mgeni kuanzia darasa la kwanza, watakumbushia siku walipokutana naye Morogoro, na mgeni atakaposimama atakuta ukumbi umelala na mpishi amenuna. Hayo ni mauaji, na anayeuawa ni mgeni wako mwenyewe.

Kabla ya yote, jua unamtambulisha nani. Vikao vyetu vina mgeni rasmi na vina mtoa mada, na watu hao wawili hawapewi heshima ya aina moja. Heshima ya mgeni rasmi iko kwenye mapokezi: kiti cha katikati meza kuu, maua, risala, watu kusimama anapoingia. Heshima ya mtoa mada iko mahali pamoja tu, kwenye masikio ya watu. Ukimpa mtoa mada mapambo ya mgeni rasmi umemchelewesha bila kumwongezea kitu. Na ikitokea mtu mmoja ndiye yote mawili, gawaneni kazi: mwenyekiti amalize mambo ya itifaki mapema, kisha wewe usimame na dakika yako ikiwa safi.

Kuhusu itifaki, Watanzania tulishajitengenezea dawa. Ni maneno mawili: itifaki imezingatiwa. Mwenyekiti akishayasema, mheshimiwa diwani ameheshimiwa, mtendaji wa kata ameheshimiwa, wajumbe na wazee wa mtaa wameheshimiwa. Hakuna aliyeachwa. Tatizo ni kwamba kila anayeshika maiki baada ya hapo huanza upya, huku akiogopa kumruka mtu, na kwa woga huo huo anakosea. Nimesikia mtambulishaji akiishukuru kwa kirefu Manispaa ya Kinondoni, mbele ya mtendaji ambaye kata yake ya Sinza ilishahamia Ubungo manispaa ile ilipogawanywa. Meza kuu nzima ikaanza kunong'onezana, na mgeni akasimama kuongea juu ya minong'ono. Kama mwenyekiti amekwishataja itifaki, wewe usiirudie hata nusu.

Salamu nazo zina njia ya mkato iliyopitishwa na mkubwa. Zamani mtu alilazimika kupitia Asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, shikamooni wazee na mambo vijana, na kila moja ilingojewa jibu, na jibu likiwa hafifu ilirudiwa. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kuwasalimu watu wote kwa pamoja, kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na watu wakawa wanajibu mara moja: kazi iendelee. Kama mkuu wa nchi anaweza kusalimia taifa kwa pumzi moja, wewe wa kikoba cha mtaani unaweza kusema "Ndugu zangu, habari za mchana" na ukaendelea. Wala usiwarudishe watu kwa "sijawasikia". Wamekusikia, na wana njaa.

Sasa kazi yenyewe. Nusu ya utambulisho mzuri hufanyika kwenye simu, siku mbili kabla. Mpigie mgeni. Usimwombe wasifu, kwa maana atakutumia kurasa tatu kwa WhatsApp, na ukishakuwa nazo mkononi utashawishika kuzisoma. Muulize mambo mawili. La kwanza: watu wa hapa wakitoka, ungependa wawe wamejua kufanya nini ambacho leo hawakijui? La pili: jina lako na cheo chako unataka vitamkwe vipi? Katika swali hili la pili usione haya hata kidogo. Sinza ina watu wa kila kabila, na jina kama Rweyemamu au Mng'ong'o likivunjwavunjwa mbele ya watu huanzisha vicheko ambavyo mgeni atavikuta akifika mbele. Mwombe akutumie jina kwa sauti, ulisikilize hadi ulimi uzoee. Hata cheo kina mambo yake. Kuna Dokta wa kutibu na Dokta wa kusomea, kuna Mhandisi, kuna Wakili, na wapo wanaopenda waitwe Mama Fulani tu. Anayejua ni yeye.

Tuchukue mfano tuufanye hadi mwisho. Kikundi cha kina mama wa Sinza, wengi wao mama lishe na wauza vitafunwa, kimemwita askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji aje kuwaelekeza habari za mitungi ya gesi. Jambo lenyewe lina uzito wake. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na kwa mjini nishati hiyo kwa wengi ni gesi. Mitungi imeingia hadi kwenye vyumba vya kupanga, ambako jiko na kitanda vinagawana ukuta, au hata havina ukuta wa kugawana. Kwa hiyo mgeni ana jambo la kuokoa maisha. Mtambulishaji wa kawaida anasimama na kusema hivi:

"Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuamsha salama. Pili, naishukuru kamati kwa kuniamini, maana kulikuwa na wengi wanaostahili kusimama hapa. Mgeni wetu wa leo, kwa kweli, ni mtu ambaye hahitaji utambulisho. Anaitwa Sajini Fulani bin Fulani. Sajini Fulani alizaliwa kijijini, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba. Alipata elimu ya msingi kuanzia mwaka…"

Na hapo ndipo ubwabwa unapoanza kupoa. Tazama yaliyotokea. Amesema mtu hahitaji utambulisho, kisha akaanza kumtambulisha. Amelitaja jina mapema mno, kwa hiyo watu watatu wa mbele wamepiga makofi, Sajini akainuka nusu, akaona maneno yanaendelea, akarudi kukaa huku akitabasamu kwa taabu. Ile nguvu ya makofi imeshatumika, na atakapoitwa kweli yatatoka makofi ya kinyonge. Kisha ameingia utotoni mwa mtu. Mama anayeuza chapati hapo Kijiweni hana ubaya na watoto saba, ila hakuna hata mmoja kati yao anayehusiana na mtungi wake. Ameshaitoa simu kwenye pochi. Ukiona simu zinaanza kutoka safu za nyuma kabla mgeni hajafika mbele, jua umezidisha.

Mtambulishaji niliyemkusudia mimi anasema hivi:

"Ndugu zangu, leo asubuhi wengi wetu hapa tumewasha jiko la gesi. Mtungi uko jikoni, na jikoni kwenyewe ni hatua mbili kutoka kitanda cha watoto. Sasa jiulizeni: ukiamka usiku ukasikia harufu ya gesi, kitu cha kwanza utakachogusa ni nini? Mgeni wetu atatuonyesha mkono uende wapi na usiende wapi. Ameifanya kazi ya kuzima moto miaka kumi na minne katika jiji hili, na ameingia katika nyumba zilizobanana kama zetu. Kutoka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, mpokeeni Sajini Fulani bin Fulani!"

Hesabu mwenyewe: hayafiki maneno themanini. Ukiyasoma kwa utulivu, na kituo kidogo baada ya lile swali, unamaliza kabla dakika haijatimia na bado unabaki na nafasi ya kuvuta pumzi.

Angalia mpangilio wake. Unaanza na waliokaa, linafuata jambo, halafu mgeni, na jina ni la mwisho kabisa. Tumeanza na waliokaa kwa sababu mtu husikiliza habari zake mwenyewe kabla ya habari za mgeni. Yule mama aliyewasha gesi asubuhi amejikuta ndani ya sentensi ya kwanza, naye hawezi kutoka. Swali likamshika: anajipekua moyoni angegusa nini, na anahisi jibu lake si zuri. Hapo ana haja na mtu wa kumjibu, na wewe unamwambia mtu huyo yupo, ameketi pale. Wasifu wote wa mgeni umebaki sentensi moja, nayo imechaguliwa kwa kipimo kimoja: je, inamfanya mama huyu amwamini mtu huyu kuhusu mtungi? Miaka kumi na minne ya kuzima moto inamfanya amwamini. Kuingia nyumba zilizobanana kunamfanya amwamini zaidi. Stashahada, kozi za nje ya nchi, tuzo na idadi ya watoto havimfanyi chochote, hata kama mgeni amevihangaikia kweli, na kama vina umuhimu mgeni mwenyewe ana mdomo.

Jina likija mwisho linafanya kazi ya kengele. Watu wanajua hapo ndipo mahali pa makofi, Sajini anajua hapo ndipo mahali pa kuinuka, na mtu wa mitambo anajua hapo ndipo mahali pa kupandisha sauti ya maiki ya pili. Litamke kwa sauti ya juu kuliko maneno yaliyotangulia, ukiwatazama watu. Wengi hugeuka kumtazama mgeni wakati wa kutaja jina, mdomo ukauacha mkondo wa maiki, na jina lenyewe, kitu pekee ambacho watu walipaswa kukikamata, likamezwa.

Lipo kosa moja ambalo watambulishaji wenye bidii ndio hulifanya, nalo ni kumwibia mgeni mada. Umejisomea usiku mzima habari za gesi. Umejua kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inashuka na kutandaa sakafuni. Umejua kwamba swichi ya taa inaweza kutoa cheche, na kwamba kinachotakiwa ni kufunga valvu, kufungua milango na madirisha, kutoka nje na kupiga 114 ukiwa umeshafika mbali. Umefurahi, na unataka watu wajue kwamba umejua. Usiseme! Hiyo ndiyo hotuba ya Sajini. Ukiitoa wewe kwa haraka na bila mtungi wa kuonyeshea, akisimama atakuwa mtu anayerudia yaliyokwisha kusemwa, na watu wataanza kugeukia masufuria. Kazi yako inakoma kwenye swali. Jibu lina mwenyewe.

Ndiyo maana nilikwambia umuulize kwa simu atakachokifundisha. Usipomuuliza utabahatisha, na utaahidi kitu ambacho hakukipanga. Nimeshuhudia mgeni akitangazwa kwamba atawaeleza watu namna ya kupata mikopo isiyo na riba, akasimama na kuwaambia kwa upole kwamba yeye amekuja kuongelea utunzaji wa mahesabu. Ukumbi ulinywea papo hapo. Hakuwa na kosa lolote, lakini ndiye aliyelipa.

Kuna maneno mengine ningependa yafukuzwe kabisa kwenye kumbi zetu. "Hahitaji utambulisho" lianze. Kama hahitaji, kaa. Na hapa Sinza anahitaji, mara nyingi kuliko tunavyodhani. Viwanja hivi vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, na kwa muda mrefu majirani wa mtaa mmoja walijuana hadi kwa majina ya wajukuu. Leo kwenye viwanja vile vile kuna maghorofa, hosteli, saluni na nyumba za wageni. Katika viti vya plastiki Jumamosi wamekaa bibi mwenye nyumba aliyeko tangu mwanzo na mpangaji aliyehamia mwezi uliopita. Anayejulikana na bibi hajulikani na mpangaji, na mpangaji ndiye mwenye mtungi mpya.

"Bila kupoteza muda" nalo liondoke, maana hakuna aliyewahi kulisema bila kuupoteza. Na usimtangaze mgeni kuwa atawavunja watu mbavu. Ukisema hivyo, watu watakunja mikono kumsubiri achekeshe, na mtu wa zimamoto hakuja kuchekesha. Hata mchekeshaji hawezi kazi yake mbele ya watu walioamriwa kucheka. Vilevile usimpandishe hadi mawinguni, "bingwa wa mabingwa Afrika Mashariki na Kati", kwa sababu dakika zake tano za kwanza atazitumia kushuka.

Sehemu ambayo haizungumzwi ni ile ya baada ya jina, nayo huharibu mengi. Ukishalitaja, anza wewe kupiga makofi, na usiache hadi mgeni amefika. Makofi yakikatika akiwa njiani, atatembea kwenye ukimya huku watu wakimkagua viatu. Kama maiki ni moja, iache imewashwa na umkabidhi mkononi, shina likielekea kwake. Ukiizima, ataongea sentensi nzima ya kwanza bila kusikika, na hiyo ndiyo aliyoiandaa zaidi. Mpe mkono, kisha ondoka kwa upande ambao hakuja nao, ili msigongane. Usibaki nyuma yake ukirekebisha shati. Wala usirudi kwenye maiki kuongeza "nilisahau kusema kwamba". Ulichosahau kimekwisha.

Jaribu yote haya nyumbani, kwa sauti, na saa ya simu ikihesabu. Kusoma kimoyomoyo kunadanganya, kwa sababu macho yana mbio kuliko ulimi. Ukivuka sekunde 60, punguza katikati, kwenye sifa za mgeni, usiguse swali wala jina. Kisha uweke utambulisho wote kichwani. Karatasi ni ya jina na cheo tu, kwa ajili ya dharura. Na ujizoeze pia kwa sauti isiyo na maiki, kwa kuwa umeme ukikatika Jumamosi hiyo, utatambulisha kwa koo lako huku baa ya jirani ikiendelea na muziki wa jenereta.

Mwongozo huu una mipaka yake. Anapokuja kiongozi wa serikali, ofisi yake huwa na utaratibu wake wa namna anavyotajwa, na utaratibu huo ufuate. Kwenye kitchen pati, somo anayekuja kumfunda bibi harusi anapokewa kwa ngoma na vigelegele, na dakika yako hapo inaweza kuwa vigelegele vitupu. Msibani usimtafutie mtu makofi: taja jina, uhusiano wake na marehemu, na umpishe. Na kadiri mtu anavyojulikana ndivyo maneno yanavyopungua. Wamarekani humwita rais wao jukwaani kwa sentensi moja tu, mabibi na mabwana, Rais wa Marekani, na anatoka. Sajini wetu anahitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa hakuna anayemjua, lakini hahitaji zaidi ya dakika.

Basi kama kamati imeshakupa jina la mgeni wa Jumamosi hii, mpigie leo. Muulize anataka watu watoke wakijua kufanya nini, sikiliza jina lake linavyotamkwa, na uandike lile swali moja litakalomfanya mama wa safu ya nyuma airudishe simu kwenye pochi.